Deni Lisilo na Karatasi: Kuthibitisha Mkopo wa Fedha Taslimu Mahakamani

Nimepewa kazi ya kueleza jambo moja: mtu aliyemkopesha mwenzake fedha mkononi, bila mkataba wa maandishi, atalithibitishaje deni hilo mbele ya mahakama za Tanzania? Nitakalolitetea ni hili. Wengi wanaodai madeni ya namna hii huhangaika kuonyesha kwamba walitoa fedha, ilhali nguzo inayobeba shauri lao ni maneno na matendo ya mkopaji mwenyewe baada ya kuzipokea. Anayelielewa hilo mapema atajua akusanye nini, na pia ataacha kuzilundika karatasi zisizomsaidia.

Kwanza niondoe hofu inayowazuia watu wengi hata kufika mahakamani. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu chake cha 10, inayatambua makubaliano kuwa mkataba pale wahusika wanapokuwa na uwezo wa kisheria wa kuingia mkataba, wameridhia kwa hiari yao, na jambo wanalokubaliana pamoja na malipo yake ni halali. Maandishi yanahitajika pale tu sheria inapoyataka kwa aina fulani ya mkataba, na mkopo wa kawaida baina ya ndugu, majirani au wafanyabiashara haumo humo. Kwa hiyo mdaiwa anayesimama kizimbani na kusema “hana karatasi yangu” bado hajajibu madai. Amesema tu kwamba ushahidi utatoka mahali pengine.

Hoja yangu ya kwanza inahusu kinachotakiwa kuthibitishwa. Mdai wa mkopo ana mambo matatu mbele yake, na kila moja linasimama peke yake: kwamba fedha za kiasi fulani zilifika kwa mdaiwa, kwamba zilifika kwa makubaliano ya kurudishwa, na kwamba muda wa kuzirudisha umepita bila kulipwa zote. Kosa la kawaida ni kuleta ushahidi mwingi wa jambo la kwanza na kudhani kuwa la pili limejithibitisha lenyewe. Halijithibitishi. Fedha hupita kutoka mkono hadi mkono kwa sababu nyingi: zawadi, mchango wa msiba, malipo ya bidhaa, mtaji wa ubia, au deni la zamani linalolipwa. Hakimu akionyeshwa kwamba milioni moja ilitoka kwa huyu ikaenda kwa yule, bado atauliza ilienda kwa ajili gani.

Kiwango cha uthibitisho, hata hivyo, si kile cha kesi ya jinai. Mashauri mengi ya namna hii huanzia Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza madai ya deni la mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30. Mahakama hiyo haitumii Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6. Ina kanuni zake za ushahidi, zilizotungwa mwaka 1964. Kanuni hizo zinasema wazi kwamba anayedai ndiye anayethibitisha, isipokuwa kwa yale ambayo mwenzake ameyakiri, na kwamba katika shauri la madai inatosha uzito wa ushahidi wa upande mmoja kuwa mkubwa kuliko wa upande wa pili. Katika mahakama za juu yake mizani ni ileile. Msisitizo uko kwenye neno uzito. Katika uamuzi wa Mahakama Kuu uliochapishwa kwenye ripoti za sheria za mwaka 1984, ukurasa wa 113, ambao mahakimu wetu huurejea hadi leo, ilielezwa kwamba pande mbili haziwezi kutoka sare, na kwamba kinachopimwa ni ubora wa ushahidi, wala si wingi wa mashahidi.

Nawaombeni tuchukue mfano mmoja, nao ni wa kubuni, ili tuupime ushahidi kipande kwa kipande. Mama mmoja mwenye duka la vitenge Kariakoo anaombwa mkopo na shemeji yake. Mnamo tarehe 5 Machi 2024 anampa shilingi 4,500,000 taslimu, dukani, msaidizi wake akiwepo. Milioni tatu amezitoa benki asubuhi ileile, na milioni moja na nusu ni mauzo ya wiki. Walikubaliana zirudi mwisho wa Juni. Mwezi Mei shemeji anamtumia 300,000 kwa simu. Baada ya Juni anaanza kutopokea simu, na mwezi Septemba, akibanwa, anasema fedha zile zilikuwa mtaji wa biashara ya viazi waliyoianza pamoja, na kwamba biashara hiyo ilipata hasara. Mama huyu anadai 4,200,000. Ana nini mkononi?

Hoja ya pili ni ya rekodi za fedha. Taarifa ya benki ya mama huyu inaonyesha kwamba tarehe 5 Machi alitoa milioni tatu. Je, inathibitisha kwamba shemeji alizipokea? La. Inathibitisha mambo mawili madogo yenye faida: kwamba alikuwa na uwezo wa kutoa kiasi anachokidai, na kwamba fedha zilitoka siku ileile anayoitaja. Mdaiwa akisema “huyu hajawahi kushika fedha kama hizo,” taarifa hiyo inamnyamazisha. Zaidi ya hapo haiendi, na wakili anayeiwasilisha kama uthibitisho wa mkopo anaidhoofisha hoja yake mwenyewe. Ile milioni moja na nusu ya mauzo haina hata taarifa ya benki. Daftari la mauzo la wiki ile ndilo litakalosaidia, kama liliandikwa siku kwa siku na halikutengenezwa baada ya ugomvi. Daftari lenye wino mmoja na mwandiko usiobadilika kwa miezi sita hujulikana kwa kulitazama tu.

Muamala wa simu wa mwezi Mei ni kitu kingine kabisa, kwa sababu hizo ni fedha zilizorudi. Watu hawarudishi zawadi kidogokidogo. Muamala huo unaonyesha namba iliyotuma, jina lililosajiliwa, kiasi, tarehe, saa na namba ya kumbukumbu. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa ulipokamilishwa Januari 2020, jina linalotokea kwenye muamala limepata uzito ambao zamani halikuwa nao. Ujumbe mfupi wa uthibitisho uliobaki kwenye simu ni mwanzo mzuri, lakini msitosheke nao. Nendeni kwenye ofisi ya mtandao husika mkaombe taarifa ya miamala ya laini yenu kwa kipindi chote, ikiwa na mhuri. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inakubali rekodi za kielektroniki ziwe ushahidi, na inaruhusu uhalisi wake udhaniwe pale zilipotunzwa katika shughuli za kawaida za mtu asiye mhusika katika shauri. Kampuni ya simu haina upande katika ugomvi wa mama na shemeji yake, ndiyo maana taarifa yake inaaminika kuliko picha ya skrini.

Kuna hali moja nataka niitaje, kwa sababu hutokea sana na huwaangusha wengi. Mkopaji husema, “Usinitumie mimi, tuma moja kwa moja kwa fundi,” au kwa muuza mbao, au kwa namba ya ada ya shule. Rekodi inaonyesha fedha zimekwenda kwa mtu wa tatu, na mdaiwa anaweza kusema hazimhusu. Muamala wa namna hiyo unasimama tu ukiunganishwa na ujumbe wa mkopaji ulioagiza namba hiyo, au na ushahidi wa fundi mwenyewe kwamba alilipwa kwa kazi ya mdaiwa. Anayetuma kwa mtu wa tatu aombe agizo hilo kwa maandishi kabla hajabonyeza namba ya siri.

Hoja ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha mhadhara huu, ni ujumbe. Maneno ya mdaiwa dhidi ya maslahi yake mwenyewe ni ushahidi wenye nguvu ya pekee, kwa sababu ni nadra mtu kukiri deni asilodaiwa. Ila si kila ujumbe ni ukiri. Tuseme shemeji aliandika mwezi Aprili: “Dada, nivumilie kidogo, mambo yatakaa sawa.” Ujumbe huo hautaji fedha wala kurudisha, unaweza kuhusu viazi, unaweza kuhusu ugomvi wa nyumbani. Tuseme mwezi Mei aliandika: “Nimekutumia laki tatu, ile nyingine nitamalizia mwezi wa sita.” Hapa tumesogea mbali. Neno “nitamalizia” linaeleza kwamba laki tatu ni sehemu ya kitu kikubwa zaidi kinachotakiwa kulipwa, mwezi wa sita unalingana na makubaliano anayoyaeleza mama, na tarehe ya ujumbe inalingana na tarehe ya muamala. Ujumbe na muamala vikisomwa pamoja vinasema jambo ambalo kimojawapo peke yake kisingelisema. Kinachokosekana ni kiasi chote.

Kiasi hicho kinaweza kupatikana hata baada ya mkopo kutolewa, mradi uhusiano haujavunjika. Mkopeshaji aandike ujumbe wa kiungwana unaotaja hesabu yote: “Shemeji, habari za kazi. Katika 4,500,000 nilizokukopesha tarehe 5 Machi nimeshapokea 300,000, bado 4,200,000. Naomba unijulishe utakamilisha lini.” Swali linaelekezwa kwenye tarehe, na hesabu inatajwa kama jambo linalojulikana na wote wawili. Mkopaji akijibu “mwisho wa mwezi dada, usijali,” ameikubali hesabu bila kuipinga, na mtu mwaminifu hana sababu ya kuona ametegwa, kwani ameulizwa jambo la kweli. Akijibu “mbona nne na nusu, zilikuwa nne,” mmepata ukiri wa milioni nne na mnajua ugomvi wenu uko wapi. Akinyamaza, kimya hicho peke yake hakitoshi, ingawa mahakama inaweza kukitazama pamoja na mengine. Vitisho, matusi na kumtangaza mtu kwenye makundi ya familia havimwongezei mdai chochote. Humfanya mkopaji akate mawasiliano, na jibu alilokuwa akilihitaji linapotea.

Sasa nijibu mapingamizi mawili ambayo najua mawakili walio mbele yangu wameshayaandaa. La kwanza ni kwamba ujumbe hutengenezwa, na kwamba simu huweza kushikwa na mtu mwingine. Ni pingamizi la haki, na kifungu cha 18 nilichokitaja kinalizingatia, kwani uzito wa rekodi unapimwa kwa jinsi ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na jinsi mwandishi wake alivyotambuliwa. Hivyo itunzeni simu yenyewe. Picha za skrini zilizokatwa juu na chini, zikionyesha sentensi tatu zinazompendeza mdai, huzaa shaka hata zikiwa za kweli. Lete mazungumzo yote kuanzia ombi la mkopo hadi ugomvi, namba ikionekana badala ya jina ulilolihifadhi wewe, tarehe zikionekana, na ueleze kwa kiapo nani alichapisha na kwa njia gani. Mkiandikiana kwa WhatsApp, angalieni kama ujumbe unaojifuta umewashwa, na usifute maneno yako mwenyewe hata kama yanakuaibisha, kwa maana mdaiwa ana nakala yake. Kuhusu mtu mwingine kushika simu, jibu hutoka ndani ya mazungumzo: ujumbe unaotaja jambo ambalo wawili tu walilijua, ukifuatwa dakika chache baadaye na fedha kutoka laini ileile inayohitaji namba ya siri, ni vigumu kuuhamishia kwa mtoto aliyekuwa akicheza na simu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba fedha zilitolewa kweli, lakini kama mtaji. Hapa mdaiwa amekubali jambo la kwanza na kulipinga la pili. Nawasihi wanafunzi wasikimbilie kusema kwamba sasa mzigo wote umehamia kwake. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba mdai hawezi kushinda kwa udhaifu wa utetezi. Lazima upande wake usimame kwanza. Lakini ukishasimama, maelezo ya mtaji yanadai vitu vyake. Ubia wa viazi ulikuwa na mgawanyo gani wa faida? Nani alinunua, wapi, kwa gunia ngapi? Mama aliwahi kuulizwa bei ya soko, kuonyeshwa hesabu, kushauriwa kuhusu usafiri? Na kwa nini mbia arudishiwe laki tatu mwezi Mei, akiahidiwa “kumaliziwa”, biashara ikiwa bado inaendelea? Mazungumzo ya miezi minne yasiyotaja kiazi hata kimoja yana uzito mkubwa kuliko maelezo yaliyoibuka Septemba. Angalieni hapa kwamba kukosekana kwa maneno nako ni ushahidi, na ndiyo sababu nyingine ya kuleta mazungumzo yote. Na kama mdaiwa atasema alishalipa zote, hilo ni dai lake yeye, na yeye ndiye wa kulithibitisha.

Hoja ya nne, kuhusu mashahidi, nitaipitia kwa ufupi. Shahidi afaaye ni aliyeona au kusikia mwenyewe. Msaidizi wa duka anayesema, “Niliona anamhesabia fedha, nikamsikia akisema atarudisha mwezi wa sita,” ametoa ushahidi wa moja kwa moja wa mambo mawili. Dada wa mdai anayesema, “Aliniambia jioni kwamba amemkopesha,” ameleta maneno ya mdai mwenyewe kwa mdomo mwingine. Mashahidi watano wa aina hii hawamfikii msaidizi mmoja. Sheria haitaki idadi maalumu ya mashahidi, na kuwa ndugu au mwajiriwa hakumfanyi mtu asiaminike, ingawa hakimu atamsikiliza kwa uangalifu zaidi. Hatari kubwa iko upande wa pili: kumtaja mtu kwamba alikuwepo halafu usimlete. Ule uamuzi wa mwaka 1984 unaruhusu mahakama kudhani kwamba shahidi muhimu asiyeletwa bila sababu angesema kinyume na aliyepaswa kumleta. Kama msaidizi amehamia Mbeya, mwambieni hakimu mapema na muombe wito. Na msimfundishe maneno. Akiulizwa noti zilikuwa za elfu kumi au elfu tano naye hakumbuki, aseme hakumbuki.

Kwa hiyo mama wa Kariakoo anasimamaje? Taarifa ya benki inamwonyesha kuwa na uwezo, msaidizi anathibitisha makabidhiano na ahadi, muamala wa Mei unaonyesha marejesho, ujumbe unayaunganisha yote, na jibu kwa ule ujumbe wa hesabu, kama lilipatikana, linafunga kiasi. Kwa maoni yangu ana shauri la kushinda. Muondoleeni sasa msaidizi na ule ujumbe wa hesabu. Atabaki na uwezekano mzuri wa kuthibitisha kwamba kulikuwa na mkopo, lakini kiasi cha 4,500,000 kitategemea jinsi hakimu atakavyoyaamini maneno yake. Muondoleeni na muamala wa Mei na ujumbe wake, abaki na taarifa ya benki peke yake. Hapo ningemshauri asifungue shauri kabla hajajaribu usuluhishi, hata kama anachokisema ni kweli tupu. Mahakama huamua kwa kilicholetwa mbele yake, na wapo wakopeshaji wakweli watakaoshindwa. Sioni faida ya kuwaficha hilo.

Tahadhari mbili za kisheria. Mkopo wa kindugu usio na riba hauna tatizo, lakini anayekopesha watu kwa riba kama biashara anahitaji leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na ujumbe uleule anaoleta kudai deni unaweza kufichua biashara isiyo na leseni. Ya pili ni muda. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya mkataba yana miaka sita tangu haki ya kudai ilipozaliwa. Malipo ya sehemu ya deni yaliyofanyika ndani ya muda huo huanzisha hesabu upya, kwa hiyo ile laki tatu inayokuja kwa kusuasua isidharauliwe. Itunzeni rekodi yake.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa kutazama mbele. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, na hilo lina maana kubwa kwa ushahidi wa aina hii, kwa sababu ujumbe wa mkopaji unaweza kusomwa na kupimwa kwa lugha uliyoandikiwa, pamoja na kivuli cha maana cha neno kama “nitamalizia”. Yapo mawili ambayo ningependa yafuate. Kampuni za huduma za fedha kwa simu ziweke nafasi ya hiari ya kuandika sababu ya malipo, itakayobaki kwenye taarifa ya mtumaji na ya mpokeaji: mkopo, marejesho, zawadi, bidhaa. Neno moja la namna hiyo lingejibu swali ambalo leo linachukua vikao vitatu vya mahakama. Na vikoba, ambavyo tayari vina makatibu na madaftari, viwape wanachama huduma ya kuandikisha mikopo yao ya binafsi, mistari minne yenye kiasi, tarehe ya kutoa, tarehe ya kurudisha na saini mbili. Viongozi wa vikoba mpo hapa usiku huu, na ningependa tuanze maswali na ninyi, mtuambie ni nini kingewazuia.